Kidonda cha ukeni kisichopona: namna ya kuchukua biopsi ya vulva, na namna milimita moja inavyoamua upasuaji

Mwanamke anayefika kliniki ya Mbagala au Tandale akilalamika kuwashwa huku chini, mara nyingi ameshapita maduka mawili matatu ya dawa. Ameambiwa ni fangasi, halafu UTI, halafu zinaa, na kila mahali ameondoka na krimu au vidonge. Muwasho ndiyo dalili inayotangulia mara nyingi katika saratani ya vulva na katika mabadiliko ya ngozi yanayoitangulia. Kwa kuwa muwasho una sababu nyingi nyepesi, saratani hii huchelewa kugunduliwa hata pale inapoonekana kwa macho. Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi mkunga au daktari anayekuwa wa kwanza kumwona mgonjwa huyo. Unaeleza namna ya kuchukua kipande cha ngozi ambacho mpatholojia ataweza kukisoma, na kile ambacho daktari wa upasuaji atafanya na jibu lake.

Vulva ni sehemu yote ya nje: mashavu ya nje na ya ndani, kinembe, mlango wa uke, na ngozi inayoshuka hadi msamba. Saratani zake nyingi ni za seli bapa za ngozi, nazo hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya virusi vya HPV, hasa aina ya 16. Hii huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati, wanaovuta sigara, na wanaoishi na VVU. Ngozi huota mabaka yaliyoinuka, ya kijivu, meusi au meupe, mara nyingi zaidi ya moja, na huonekana kama masundosundo. Njia ya pili haihitaji virusi hivyo. Ni ya mama mtu mzima mwenye laikeni sklerosasi, ugonjwa unaoifanya ngozi iwe nyeupe na nyembamba kama karatasi ya sigara, mashavu ya ndani yakayeyuka taratibu na mlango wa uke ukabana. Juu ya ngozi hiyo hutokea mabadiliko ya kabla ya saratani ambayo hayana sura ya kutisha: baka gumu kidogo, wekundu, au mchubuko mdogo. Hayo ndiyo yanayogeuka saratani upesi zaidi, na ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Nani achukuliwe kipande

Usisubiri sura ya kitabuni. Chukua kipande kwa kidonda chochote cha vulva ambacho hakijapona baada ya dozi moja kamili ya matibabu ya zinaa iliyotolewa vizuri. Fanya hivyo pia kwa uvimbe wowote mgumu, baka lililobadilika rangi au unene, "masundosundo" ya mama aliyekwisha kukoma hedhi, masundosundo yasiyosikia dawa kwa mgonjwa wa CTC, na jipu la tezi ya Bartholini linalotokea kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40. Madoa meusi yenye kingo zisizo sawa nayo yamo, kwa sababu melanoma huota hapa pia. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuongeza dozi ya pili na ya tatu ya dawa ya zinaa kwa kidonda kilekile. Kaswende na tutuko huitikia dawa au huisha zenyewe. Kidonda kilichokaa miezi mitatu kinataka biopsi.

Kabla ya kugusa, uliza kwa upole anachopaka. Ndimu, shabu, maji ya chumvi na dawa za kuulia vijidudu huchubua ngozi na kubadilisha rangi yake, na mgonjwa hatakutajia asipoulizwa. Pima VVU kama hali yake haijulikani. Uliza kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mlaze chali, magoti yamekunjwa, taa iwe kali, na muuguzi wa kike awepo chumbani. Fungua kila mkunjo: kati ya mashavu, chini ya ngozi ya kinembe, mlango wa mkojo, msamba, hadi kuzunguka njia ya haja kubwa. Pima kidonda kwa rula, si kwa makadirio. Pima pia umbali kutoka ukingo wake wa ndani hadi mstari wa katikati wa mwili, yaani mstari unaotoka kinembe kushuka msamba. Namba hiyo itaulizwa baadaye, na baada ya kukata hakuna atakayeweza kuipima tena sawasawa. Shika vinena vyote viwili kutafuta mitoki. Weka spekulamu uangalie uke na shingo ya kizazi, kwa sababu HPV haikai mahali pamoja. Siki ya asilimia 5 iliyoachwa dakika tatu hadi tano huonyesha weupe, lakini kwenye vulva hata mchubuko wa kawaida hugeuka mweupe. Itumie kukuonyesha mahali pa kukata, isiwe sababu ya kuamua kuna ugonjwa au hakuna.

Kukata kipande

Mwambie kitakachotokea kwa lugha yake: "Mama, nitachoma sindano ya ganzi, itauma kidogo kama siafu, halafu nitachukua kipande cha ngozi kama punje ya choroko." Kipande cha panchi ya milimita 4 ni ukubwa huohuo, na mgonjwa anayejua hivyo hajikazi.

Vifaa ni vichache: panchi ya ngozi ya milimita 4 (au bledi namba 15 kama panchi haipo), bomba la mililita 2 au 5 lenye sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo, lignokeini ya asilimia 1 au 2, fosepsi ndogo, mkasi mdogo wenye ncha, gozi, uzi unaoyeyuka wa 4-0, vijiti vya silva naitreti kama vipo, na kichupa chenye formalini ya asilimia 10 kilichokwisha kuandikwa jina. Andika chupa, usiandike kifuniko. Vifuniko hubadilishana maabara.

Mahali pa kukata ndipo biopsi nyingi zinapoharibika. Katikati ya kidonda kuna nyama iliyokufa na usaha, na kipande cha hapo humrudishia mpatholojia uozo mtupu. Kata kwenye ukingo, panchi ikishika sehemu iliyo mbaya pamoja na ngozi kidogo ya jirani. Kama baka halijachimbika, chagua sehemu iliyo nene au ngumu kuliko nyingine. Kama kuna mabaka matatu yasiyofanana, chukua vipande vitatu, kila kimoja chupa yake.

Safisha, kisha choma lignokeini polepole chini ya ngozi hadi ivimbe kama lengelenge dogo la maji. Mililita 1 hadi 2 zinatosha kwa kipande kimoja. Kikomo cha lignokeini isiyo na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mama wa kilo 50 asipite miligramu 150. Hizo ni mililita 15 za asilimia 1, lakini ni mililita 7.5 tu za asilimia 2, basi soma chupa kabla ya kuvuta. Subiri dakika tatu na ujaribu kwa ncha ya sindano.

Vuta ngozi ikaze kwa vidole viwili, simamisha panchi wima, izungushe huku na huku ukikandamiza hadi usikie ngozi imeachia na umeingia kwenye mafuta. Kwenye shavu la nje ni kina cha kama milimita 5. Kwenye shavu la ndani ngozi ni nyembamba, punguza. Kinyanyue kipande kwa ncha ya sindano, usikibane kwa fosepsi, kwani seli zilizopondwa hazisomeki. Kata shina lake kwa mkasi. Ukikata juujuu, ukaacha mafuta, mpatholojia ataona ngozi mbaya lakini hatajua imezama kiasi gani, na hilo ndilo jambo unalolipia kipimo kukuambia.

Bandika gozi ukandamize dakika tano kamili bila kuchungulia. Damu ikiendelea, gusa kwa silva naitreti, au piga uzi mmoja. Silva naitreti isiguse kidonda kabla ya kipande kutoka, maana inaunguza sampuli.

Jambo la mwisho hapa ni la kuzuia mkono. Kidonda kidogo cha sentimita 1.5 kinashawishi kukitoa chote mara moja, na mgonjwa mwenyewe atakuomba. Usifanye hivyo pale unaposhuku saratani. Kikishatoka na jeraha kupona, daktari wa upasuaji hatajua kilikuwa wapi hasa, akate pembeni kwa upana gani, wala limfu yake ilitiririkia kinena kipi. Atalazimika kukata zaidi ya ilivyohitajika, au kidogo kuliko ilivyohitajika.

Chupa na fomu

Formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Usitumie maji ya chumvi wala spiriti kwa sababu formalini imekwisha. Kwa joto la Dar es Salaam kipande kilichokaa kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi kitaanza kuoza kabla hakijafika maabara.

Kwenye fomu andika umri, hali ya VVU, muda wa dalili, ukubwa wa kidonda, umbali wa mstari wa katikati, matibabu yaliyotangulia, na swali lako waziwazi: "Kuna uvamizi? Kina chake milimita ngapi? Ngozi ya pembeni ina laikeni sklerosasi au mabadiliko ya kabla ya saratani?" Mpatholojia asiyeulizwa kina anaweza asikitaje.

Kuna mtego ambao unatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Madaktari hutaja mahali kwenye vulva kwa uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa kwenye kinembe na 6 kwenye msamba. Mmoja akiandika "saa tatu" akimaanisha mshale unaoelekea 9, mwingine akasoma 3, kidonda kimehama kutoka kulia kwenda kushoto, na kinena kitakachofunguliwa ni kile kisicho na shida. Andika "kulia kwa mgonjwa" au "kushoto kwa mgonjwa" kwa maneno, na uchore. Mchoro wa kalamu wa nusu dakika unatosha. Picha ni bora zaidi mgonjwa akikubali, ikae kwenye faili lake na si kwenye makundi ya simu.

Jibu likirudi

Chukua mfano wa mama wa miaka 61. Amewashwa miaka minne. Shavu la nje la kulia lina uvimbe wa sentimita 1.8 uliochimbika katikati, na ukingo wake wa ndani uko sentimita 2 kutoka mstari wa katikati. Ngozi yote ya kuzunguka ni nyeupe na imesinyaa. Vinena havina kitu kinachoshikika. Kipande cha kwanza kilikwanguliwa katikati ya kidonda, na jibu likasema ni uozo, hakuna saratani iliyoonekana.

Jibu hilo halimruhusu mtu kwenda nyumbani. Macho yanapoona uvimbe mgumu na karatasi ikasema hakuna kitu, karatasi ndiyo inayotiliwa shaka, na kipande kinachukuliwa upya. Kipande cha pili, cha panchi kwenye ukingo, kilionyesha saratani ya seli bapa iliyovamia milimita 3, na pembeni yake laikeni sklerosasi.

Milimita hizo ndizo zinazogawa njia. Uvimbe usiozidi sentimita 2 na uliovamia milimita 1 au pungufu ni hatua ya 1A. Nafasi ya seli zake kuwa zimefika kwenye tezi za kinena ni ndogo mno, chini ya mmoja kwa mia, hivyo tezi haziguswi. Ukipita milimita 1, au ukubwa ukipita sentimita 2, ni hatua ya 1B, na kinena lazima kichunguzwe kwa upasuaji. Mama wetu ni 1B. Angalizo: panchi ikionyesha uvamizi wa milimita 0.8, bado hujathibitisha 1A, kwa kuwa huenda sehemu iliyozama zaidi iko milimita chache kando. Uvimbe wote hutolewa kwanza kwa ukingo wake, ndipo kina kipimwe.

Jibu likiwa ni mabadiliko ya kabla ya saratani peke yake, uliza ya njia ipi. Yale ya HPV yanaweza kukatwa kwa ukingo mwembamba, au kutibiwa kwa krimu ya imikwimodi ya asilimia 5 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 hadi 16, mradi biopsi zimeonyesha hakuna uvamizi na mgonjwa anarudi kuangaliwa. Kwa anayeishi na VVU hurudi zaidi, na ARV zisikatike. Yale ya laikeni sklerosasi hukatwa. Krimu si njia yake.

Upasuaji

Zamani vulva yote na vinena vyote viwili vilitolewa kwa mkato mmoja mkubwa wenye umbo la kipepeo. Jeraha lilifumuka kwa wagonjwa wengi na kukaa wazi kwa wiki nyingi. Leo kanuni ni mbili, na zinaamuliwa kila moja peke yake: uvimbe wenyewe, na tezi.

Uvimbe hukatwa kwa upana, ngozi nzima ya pembeni ikilengwa sentimita 1 hadi 2 pande zote, na chini hadi utando mgumu ulio juu ya misuli ya sakafu ya nyonga. Kwa mama wetu, sentimita 1.8 pamoja na 1.5 kila upande ni karibu sentimita 5 za ngozi. Ukingo huchorwa kwa kalamu ngozi ikiwa imelala, kabla haijavutwa, kwa sababu ngozi iliyovutwa humdanganya mkataji. Kipande kikilowa formalini husinyaa. Ndiyo maana unakata 1.5 ili mpatholojia apime angalau milimita 8, kiwango ambacho wengi hukilenga. Ukingo ukiwa na saratani, mgonjwa hurudi kukatwa tena akiweza. Ukiwa safi lakini mwembamba, uamuzi hutegemea mahali: karibu na kinembe au mlango wa mkojo watu hukubali chini ya hapo kuliko kuharibu kiungo. Sentimita 1 ya mwisho ya mrija wa mkojo inaweza kutolewa bila mgonjwa kushindwa kuzuia mkojo.

Tezi ndizo zinazoua. Saratani ikirudi kwenye ngozi ya vulva inaweza kukatwa tena, lakini ikirudi kinenani mara nyingi haitibiki. Vidole havitoshi kuamua: tezi laini isiyoshikika inaweza kuwa na saratani, na mtoki mkubwa unaweza kuwa umetokana na maambukizi ya kidonda tu. Uvimbe ukiwa upande mmoja, mbali na mstari wa katikati, kama wa mama huyu, kinena cha upande huo ndicho hufunguliwa. Ukigusa katikati au ukiukaribia chini ya sentimita 1, vyote viwili. Tezi za upande mmoja zikikutwa na saratani, upande wa pili nao hutibiwa. Hapo ndipo ile namba ya rula kwenye faili inapofanya kazi.

Mkato wa kinena huwa peke yake, kando na wa vulva. Mafuta ya juu chini ya ngozi huachwa, maana ngozi isiyo na mafuta hufa. Mshipa mkubwa wa juu wa mguu uhifadhiwe ukiwezekana, ili mguu usivimbe sana baadaye. Zitolewe tezi za juu na zile za ndani kando ya mshipa wa paja. Kutoa za juu peke yake kuliwahi kujaribiwa, na saratani ilirudi kinenani zaidi. Palipo na vifaa vya teknesiamu na rangi ya buluu, tezi mlinzi, yaani ile ya kwanza kupokea limfu, inaweza kutolewa peke yake kwa uvimbe mmoja ulio chini ya sentimita 4 na vinena visivyo na tezi za kutiliwa shaka. Palipo na kidonda ambacho mtu ameshakikata chote, njia hiyo mara nyingi imefungwa.

Dreni hubaki kinenani hadi itoe chini ya mililita 30 kwa saa 24. Ikitolewa mapema, majimaji hujaa chini ya ngozi, yanavutwa kwa sindano, yanaingia vijidudu. Vulva husafishwa kwa maji safi yenye chumvi kila baada ya choo na kukaushwa. Kufumuka kwa jeraha hutokea mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi. Huoshwa na kuachwa lijaze lenyewe, si kushonwa upya juu ya usaha. Mgonjwa aambiwe kabla ya upasuaji kwamba mguu unaweza kuvimba miezi au miaka baadaye, avae soksi za kubana, na mchubuko wowote wa mguu huo utibiwe mapema.

Tezi mbili au zaidi zikiwa na saratani, au moja iliyopasua ganda lake, mionzi huongezwa, na kwa Dar es Salaam njia ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko pia huanzia wale ambao uvimbe umeshika njia ya haja kubwa au sehemu ya juu ya mrija wa mkojo: mionzi pamoja na sisplatini kwanza, kisha upasuaji wa mabaki kama yapo. Kuanza na kisu kwa hao kungewaachia mfuko wa kinyesi au wa mkojo tumboni.

Tezi za mama wetu zikirudi safi na ukingo ni milimita 9, hahitaji mionzi. Lakini ngozi iliyozaa saratani ya kwanza bado ipo. Apakwe klobetasoli ya asilimia 0.05 kila usiku kwa mwezi, usiku mmoja kuruka mwingine kwa mwezi wa pili, mara mbili kwa wiki baada ya hapo, na matumizi hayo yaendelee. Arudi kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, halafu kila mwaka. Kila mara vulva yote ifunguliwe mkunjo kwa mkunjo na vinena vishikwe. Afundishwe kujiangalia kwa kioo cha mkono, aje mara moja akiona baka jipya gumu au mchubuko uliopita wiki tatu, nao uchukuliwe kipande kwenye ukingo, hadi kwenye mafuta, kama kile cha mwanzo.